Kama lugha moja ingetosha, Somalia isingesambaratika: Tanganyika ilifanya nini hasa baada ya uhuru?

Mwanakwetu77 (mleta uzi)

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ya 1950 na 1960 zilirithi mipaka iliyochorwa na wengine, na ndani ya mipaka hiyo makabila kwa makumi, kila moja na lugha yake. Zote zilisema zinajenga taifa moja. Chache zilifika.

Kwetu Tanzania jibu tunalojibiwa tangu shule ya msingi ni moja: Kiswahili na Mwalimu. Jibu hilo limeacha kuniridhisha. Somalia walikuwa na lugha moja, dini moja, na mwaka 1972 wakaipatia lugha yao maandishi rasmi. 1991 dola ikavunjika kwa mapigano ya koo. Rwanda wote wanasema Kinyarwanda. Hata Zanzibar, chimbuko lenyewe la Kiswahili sanifu, watu walikuwa wa lugha moja na karibu wote wa dini moja, na Januari 1964 damu ikamwagika.

Kwa hiyo nauliza: ukiweka lugha pembeni kwa muda, serikali ya Tanganyika ilifanya nini kwa vitendo? Sheria gani, utaratibu gani? Sitafuti sifa za viongozi. Nataka kujua mitambo ilivyofanya kazi.

Simba Mkongwe

Mkuu unatafuta mchawi wakati mchawi anajulikana. Ni Kiswahili. Baada ya uhuru Mwalimu alikipeleka Kiswahili vijijini ambako watu walikuwa wanajua vilugha tu. Mwaka 1967 serikali ikaamua shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, BAKITA ikaundwa mwaka huohuo, shule za msingi zote zikafundisha kwa Kiswahili. Baada ya hapo nani angekuwa mkabila?

Halafu usisahau utani. Mhehe na Mngoni walipigana vita vya kweli, leo wanataniana hadi msibani. Mchaga na Mpare hivyohivyo. Hicho wenzetu hawana.

Karani wa Zamani

Simba Mkongwe, ya 1967 uko sahihi. Lakini Kiswahili hakikupelekwa vijijini baada ya uhuru. Kilishafika. Misafara ya biashara ilikibeba hadi Tabora na Ujiji karne ya 19, Wajerumani wakakitumia kwa maakida na makarani wao, Waingereza wakafundishia madarasa ya mwanzo. TANU ilipoanza 1954, msemaji aliweza kutoka Pwani akahutubia Usukumani na akaeleweka. Serikali mpya ilirithi njia iliyokwishafyekwa, na sifa yake ni kwamba haikuiacha iote nyasi.

Sasa swali la mleta uzi. Mimi nimefundisha historia sekondari miaka mingi, na kitu ninachokiona kimesahaulika kabisa ni kanuni za uchaguzi wa 1965. Nieleze polepole.

Katiba ya muda ya 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Hatari yake unaiona: watu wakikosa chama cha kushindania, watashindania kabila. Jimbo lina Wasukuma wengi, mgombea Msukuma anasimama anasema kwa Kisukuma "mimi ni mwenzenu", mchezo umekwisha. Wenye kuandika kanuni waliliona hilo mapema, wakaweka vizuizi kwenye kampeni yenyewe.

Wenye nia walipita kwanza kwenye mkutano mkuu wa wilaya wa TANU, ukawapigia kura. Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Hao wawili hawakuruhusiwa kuzunguka kila mtu kivyake. Chama ndicho kilichoitisha mikutano, nao wakapanda jukwaa moja, mbele ya watu walewale, mmoja akimaliza mwingine anaanza, kisha wanaulizwa maswali. Ilikuwa mwiko kuomba kura kwa kutaja kabila, rangi au dini. Na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili peke yake, hata kama kila mtu uwanjani anajua kilugha kimoja.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Ukipiga kura unapigia jembe au nyumba.

Fikiria maana yake. Kiswahili hapo hakikufanya kazi ya kuelewana tu. Kilikuwa lugha ambayo mpinzani wako aliyekaa kiti cha pili anaielewa neno kwa neno, na msimamizi wa chama pia. Huwezi kumnong'oneza mwenzako wa kabila mbele ya kipaza sauti. Ndiyo maana nasema lugha bila utaratibu wa aina hii isingetosha, na utaratibu bila lugha usingewezekana.

Matokeo? Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza, kwao kabisa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam. Huo ni mwaka wa nne tu baada ya uhuru.

Otis wa Ziwani

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Nimesoma kwa makini na nina jambo.

Sisi tuliingia uhuru 1963 na katiba ya majimbo. Chama cha KADU kilitaka majimbo kwa sababu makabila madogo yaliogopa kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo waliokuwa KANU. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mwisho wa 1964 KADU ikajivunja ikaingia KANU, majimbo yakafutwa, lakini hofu ilibaki palepale kwa sababu ardhi na kazi ziliendelea kugawiwa kwa jicho la kabila. Nasi tulikuwa na uchaguzi wa chama kimoja, wagombea kadhaa kwa jimbo moja, na haukutuondolea ukabila hata kidogo.

Swali langu kwa Karani: je, si kwamba Tanzania mlibahatika tu? Nyinyi hamna kabila linaloweza kutawala peke yake. Mwalimu mwenyewe alitoka kabila dogo, Wazanaki. Angekuwa Msukuma, hadithi ingekuwa hii?

Tumaini_J

Mimi naona umoja hautapatikana mpaka tuwe na Shirikisho la Afrika Mashariki. Nkrumah alisema mapema kwamba Afrika iungane, tukamdharau. Sarafu moja, jeshi moja, na Kiswahili kiwe lugha rasmi ya wote. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977 kwa sababu ya ubinafsi wa viongozi.

Mwanakwetu77 (mleta uzi)

Ndugu Tumaini, hilo ni suala zito ila si nililouliza. Mimi nauliza ndani ya nchi moja: Mnyakyusa na Mhaya walifanywaje wajione wa nchi moja. Shirikisho tulifungulie uzi wake.

Karani, tafadhali mjibu Otis. Na mimi nataka kujua machifu ilikuwaje, maana Uganda pale ndipo walipokwama.

Karani wa Zamani

Otis, bahati ipo na siikatai. Wasukuma ndio wengi kuliko wote, lakini hawakufika hata mtu mmoja kati ya watano. Hakuna kabila lililoweza kuunda serikali peke yake, na hakuna lililokuwa na mji mkuu ndani ya ardhi yake likajiona mwenye nyumba. Lakini Zambia au Kameruni nazo hazina kabila moja lenye nusu ya watu, na hadithi zao hazifanani na yetu. Idadi inakupa nafasi tu. Lazima mtu aitumie.

Machifu ni mfano mzuri, na Uganda ndiyo kioo chake.

Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji mwaka 1926, walimfanya chifu kuwa serikali ya mahali pale. Alikusanya kodi, alikuwa na baraza la kuhukumu kesi, na hazina yenye makarani wa kulipwa. Maana yake ukitaka kesi yako isikilizwe au kodi yako ijulikane, unapita kwenye kabila. Kabila lilikuwa ofisi. Tanganyika huru ilivunja ofisi hiyo mwaka 1963: sheria ya machifu ikafutwa, kazi za utawala zikaenda kwa halmashauri za wilaya, na mahakama za wenyeji zikaingizwa kwenye mfumo mmoja wa mahakama za nchi nzima. Hakuna aliyemkataza mtu kumwita mtemi mtemi. Alibaki na heshima na ngoma zake, bila hazina na bila baraza la hukumu.

Kwa nini hapakuwa na vita? Kwanza, machifu wengi walikuwa wamechafuka. Wao ndio waliotumwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko; Uluguru mwaka 1955 watu walifanya ghasia kwa ajili ya matuta hayo. Pili, hata penye chifu mwenye jina kubwa wananchi wenyewe walikuwa wameanza kugeuka. Uchagani, Mangi Mkuu Thomas Marealle aliondoka 1960 baada ya Wachaga kupiga kura na kuamua wawe na rais wa kuchaguliwa. Tatu, na hili wengi hawalitaji, machifu walipewa mahali pa kwenda. Abdallah Fundikira wa Unyamwezi alikuwa waziri katika serikali ya kwanza. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa yule aliyepigana na Wajerumani, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Mhehe anayemwona chifu wake ameketi kiti cha Spika Dar es Salaam hana sababu ya kudhani amevuliwa nguo.

Sasa angalia Uganda. Katiba ya uhuru ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya pekee, hata wabunge wake waliweza kuchaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la Buganda, badala ya wananchi moja kwa moja. Mwaka 1963 Kabaka akafanywa Rais wa nchi nzima huku akibaki mfalme wa sehemu yake. Kisha 1964 ikapigwa kura ya kaunti zilizogombewa na Bunyoro, Buganda ikapoteza mbili, na Rais huyohuyo alitakiwa aikubali hasara ya ufalme wake. Mei 1966 jeshi likavamia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia Uingereza, 1967 falme zote zikafutwa. Zikarudishwa 1993, isipokuwa Ankole. Karatasi ya sheria inafanana na yetu ya 1963, lakini yetu iliondoa kitu ambacho kilikwisha kulegea, yao ikang'oa mti wenye mizizi hai kwa kifaru.

Mama Koku

Wanangu, mimi si msomi wa historia, ila niliyoyaishi ninayo.

Nilizaliwa Bukoba. Nilipofaulu darasa la saba nikapangiwa sekondari ya bweni Songea. Sijui kama mnauelewa umbali huo kwa usafiri wa wakati ule. Meli hadi Mwanza, treni hadi Dar, kisha basi siku nzima na zaidi. Bwenini kitanda cha juu Mmakonde, cha chini mimi, pembeni Mgogo na Mnyiramba. Muhula wa kwanza nililia usiku kwa sababu hakuna hata mmoja wa kusema naye Kihaya. Muhula wa pili nilikuwa naota kwa Kiswahili.

Kisha JKT kwa mujibu wa sheria. Pale afande hakuuliza wewe kabila gani, alikuita kuruta. Baadaye nikawa muuguzi, nikapangiwa Lindi, ndiko nilikoolewa. Mume wangu Mmwera, Mungu amrehemu.

Ila nataka niseme na upande wa pili. Watoto wangu wanne hawajui Kihaya wala Kimwera. Mama yangu alipokuwa anakata roho alirudi kwenye Kihaya kitupu, na mwanangu mkubwa aliyekuwa amemshika mkono alikuwa ananiuliza mimi, "Mama, bibi anasema nini?" Sikuwahi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini mkihesabu faida, na hilo lihesabiwe.

Otis wa Ziwani

Mama, pole sana, na asante. Hapo umenifanya ninyamaze kidogo.

Mpare Halisi

Shikamoo Mama Koku. Maneno yako yananipa ujasiri wa kusema lililo moyoni.

Tunazungumza kana kwamba haya yote yalikuwa hiari. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Vyama vingine vikafutwa. Wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya JKT, karibu 400 walitimuliwa. Kwa hiyo ukimya wa makabila kwa sehemu fulani ulikuwa ukimya wa watu wanaoogopa.

Na kuna suala la shule. Kilimanjaro na Bukoba zilitangulia kwa sababu ya wamisionari na kahawa. Serikali ikatwaa shule za misheni, sheria yake ni ya 1969, kisha nafasi za kidato cha kwanza zikagawiwa kwa kufuata mikoa. Mtoto wa Same anapata alama nzuri anaachwa, wa mkoa mwingine mwenye alama ndogo anaingia. Ndiyo maana wazazi wa Kilimanjaro wakaanza kujichangisha na kujenga sekondari zao binafsi, na pengo mpaka leo halijazibika. Mnaita hiyo umoja?

Tena sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo hatuhesabiwi. Asiyehesabiwa anadaije haki yake?

Karani wa Zamani

Mpare, la kizuizini na la 1966 ni kweli tupu, na mwalimu yeyote anayefundisha umoja wetu bila kuyataja anawadanganya wanafunzi.

La mgao wa shule tutofautiane. Kama nafasi zingefuata alama tu, ndani ya miaka 15 karibu kila daktari, hakimu na mkuu wa idara angetoka Kilimanjaro, Kagera au Nyanda za Juu Kusini. Hapo Mzaramo au Mgogo angeliona taifa kama mali ya watu watatu. Mtoto wa Same alidhulumiwa, sikatai. Nasema tu kwamba gharama ingelipwa na mtu, na serikali ilichagua ilipwe na aliyetangulia. Hata hivyo uko sahihi kwamba shule binafsi ziliurudisha mlango uleule kwa dirishani, kwa hiyo mgao ulipunguza kasi ya pengo bila kuliziba.

La sensa ni gumu, na mimi mwenyewe sina msimamo. Usipouliza kabila, mwanasiasa hana namba ya kupigia kelele. Lakini pia mtafiti hana namba ya kuonyesha nani ameachwa nyuma, na kundi dogo kama Wahadzabe ndilo linaloumia zaidi na ukimya huo.

Mwanakwetu77 (mleta uzi)

Swali la kizushi: tutajuaje kwamba hizi hatua zilifanya kazi, na si ile bahati ya Otis? Kuna namna ya kupima?

Karani wa Zamani

Kuna utafiti mmoja uliochapishwa 2004 ninaoupenda kwa sababu unalinganisha vitu vya mkono, si hotuba. Ulichukua wilaya mbili, Busia upande wa Kenya na Meatu upande wa Tanzania. Ukaangalia vijiji vyenye makabila mengi na vyenye machache, kisha ukauliza: wazazi wanachangia shule kiasi gani? Visima vinatunzwa?

Busia, palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, michango ya shule ilishuka. Watu hawakuona sababu ya kuchangia darasa la watoto wa wengine, wala hawakuweza kumwadhibu asiyechangia kama si wa kwao. Meatu, mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Watu waliochanganyika walichangia kama wale wasiochanganyika.

Udhaifu wake upo. Ni wilaya mbili tu, na Meatu Wasukuma ni wengi kuliko wengine wote, kwa hiyo mtu anaweza kusema mchanganyiko wenyewe hautishi. Ningependa kuuona ukirudiwa penye makabila manne au matano yanayolingana.

Otis wa Ziwani

Mimi nina ndugu Busia na hilo la michango nalijua kwa macho. Harambee ikiitishwa, kwanza watu wanaangalia ni nani ameitisha.

Lakini Karani, bado hujanijibu kuhusu uchaguzi. Sisi pia tulikuwa na chama kimoja na wagombea wengi. Kwa nini kwenu kanuni zilishika?

Karani wa Zamani

Nadhani tofauti ni nani alibeba gharama za kampeni. Kanuni za 1965 zilitaka mgombea asiwe na mkutano wake wala usafiri wake. Aende na chama, arudi na chama. Mbunge aliyeingia hivyo hakuwa amemwahidi mtu ng'ombe wala shamba. Kwenu mgombea alijitegemea, akachangia harambee kwa mfuko wake, na mfuko huo ulijazwa na watu wa kwao wanaosubiri marejesho. Hilo ni oni langu, wengine watapinga.

Simba Mkongwe

Karani, nakubali nilikosea la Kiswahili kufika vijijini. Lakini na wewe usiziamini mno hizo kanuni. Babu yangu alikuwa mjumbe wa TANU mwaka huo wa 1965. Alituambia mchana wagombea walikaa pamoja jukwaani, Kiswahili safi, hakuna kabila. Usiku wapambe wakapita nyumba kwa nyumba, kwa kilugha, wakiuliza: "Mtampa mgeni?" Na walikuwa na hoja nyingine kali kuliko kabila: "Jembe ndilo linalokulisha, nyumba inakulisha nini?" Aliyepewa nyumba akawa na kazi ya kueleza kila kijiji kwamba hata mwenye jembe hulala ndani ya nyumba.

Mama Koku

Hilo la jembe hata kwetu lilisemwa, nilikuwa mtoto. Baba yangu alipigia nyumba. Aliulizwa na wenzake kwa nini ampe mtu asiye wa kwetu, akajibu kwamba yule wa kwetu anamjua vizuri mno.

Mpare Halisi

Mama, baba yako aliulizwa na wenzake hadharani au faraghani? Nauliza kwa dhati, maana hapo ndipo ninapotaka kujua kama hofu ilikuwepo.

Mama Koku

Faraghani, mwanangu. Kwenye pombe, jioni, na kwa Kihaya.